Kwa nini risasi inapita juu ya ndege yako na hufi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hitiboksi ndogo na mabomu katika gemu za mvua ya risasi

Tunazungumzia gemu zipi?

Gemu za Kijapani za ndege au mhusika anayeruka, ambapo adui hakurushii risasi tatu au nne bali mamia kwa pamoja, zikiwa zimepangwa kama mapepeo, mapete na mizunguko inayofunika skrini. Majina yanayotajwa zaidi ni DoDonPachi ya kampuni ya Cave (1997), Mushihimesama ya Cave hiyohiyo (2004), na mfululizo wa Touhou unaotengenezwa na mtu mmoja anayejiita ZUN. Mifano mingi hapa nitaitoa DoDonPachi na Touhou, kwa sababu ndizo watu wanaanza nazo na ndizo zinazoleta maswali haya.

Nimeona kwa macho yangu risasi imegusa bawa, lakini sikufa. Ni hitilafu?

Hapana. Picha ya ndege na kitu ambacho gemu inakipima ni vitu viwili tofauti. Ndege unayoiona inaweza kuwa na upana wa pikseli 30 na kitu, lakini kinachopimwa ni kadoa kadogo katikati ya mwili wake, pikseli chache tu. Hako kadoa ndiko hitiboksi. Mabawa, mkia, nywele na sketi ya mhusika ni mapambo. Risasi inaruhusiwa kuyapita.

Kwa ndani, hesabu yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Gemu inachukua nafasi ya risasi, nafasi ya mchezaji, na kuuliza kama umbali kati yao umekuwa mdogo kuliko jumla ya nusu-vipenyo vyao:

```
dx = bx - px
dy = by - py
hit = dx*dx + dy*dy < (br + pr)**2
```

Hapo `pr` ndiyo namba inayotuhusu. Gemu nyingine hupima kwa mistatili badala ya duara, lakini wazo ni lilelile.

Lakini kwa nini iwe ndogo kiasi hicho? Si wangepunguza tu risasi?

Wangeweza, ila wangepata gemu nyingine kabisa. Tufanye hesabu, maana bila hesabu jambo hili hubaki la kubishania.

Uwanja wa kuchezea wa Touhou ya mwaka 2002, The Embodiment of Scarlet Devil, una upana wa pikseli 384 na urefu wa 448. Tuchukue bosi amesimama juu, wewe uko pikseli 200 chini yake. Anarusha pete la risasi 64 kwa mkupuo mmoja, zikitawanyika pande zote kwa usawa. Zinapofika ulipo, zimetanda kwenye mzingo wa kama pikseli 1257. Gawa kwa 64: kutoka katikati ya risasi moja hadi katikati ya inayofuata ni karibu pikseli 20. Tuseme sehemu ya risasi inayoua ina upana wa pikseli 8. Inabaki nafasi ya pikseli 12 hivi.

Ndege yenye upana wa 32 haipiti kwenye nafasi ya 12, hata mchezaji awe na mikono ya dhahabu. Ukitaka ipite kwa kubana kabisa, kila risasi inahitaji nafasi ya 40 kwenye mzingo, kwa hiyo pete lisizidi risasi 31. Lakini ukipunguza kinachopimwa kiwe pikseli 4, pete la 64 linapitika na bado una nafasi ya ziada ya karibu 8. Kwa kipimo hicho unaweza kujaza mzingo huohuo hadi risasi mia moja hivi kabla njia hazijafungika kabisa. Msongamano umeongezeka zaidi ya mara tatu kwa kubadilisha namba moja.

Kwa hiyo mbunifu hakuanza kwa kumhurumia mchezaji. Alitaka kuchora ukuta wa risasi uliojaa skrini, na hitiboksi ndogo ndiyo iliyompa ruhusa ya kuuchora.

Hesabu hiyohiyo inakufundisha jambo la kukusaidia ukiwa unacheza. Sogea karibu na bosi, umbali wa pikseli 100, na pete lilelile sasa lina nafasi ya 10 kati ya risasi, ukitoa zile 8 inabaki 2. Hupiti. Ndiyo maana wageni wanaomkaribia bosi ili wampige vizuri hufa kwa mitindo ya risasi ambayo mtu aliyekaa chini anaipita bila jasho.

Kuna faida nyingine zaidi ya kujaza skrini?

Ipo, na kwangu hii ndiyo tamu zaidi. Hitiboksi ndogo inabadilisha namna ya kusoma mitindo.

Chukua pepeo la risasi linalolengwa kwako. Likiwa na idadi witiri, tano au saba, ile ya katikati inakuja moja kwa moja kifuani: lazima usogee. Likiwa na idadi shufwa, mfano sita, hakuna ya katikati. Wewe ndiye uliye kwenye pengo. Kama risasi zimetengana kwa nyuzi 10 na uko pikseli 200 mbali, pengo hilo lina pikseli 35 hivi, na ukitoa upana wa risasi unabaki na 27. Mwenye hitiboksi ya 4 anasimama tuli, risasi zinampita kushoto na kulia, basi. Mwenye hitiboksi ya 32 anagongwa akiwa amesimama mahali sahihi kabisa.

Wajuzi wakiona pepeo la shufwa wanaacha mikono yao itulie. Anayeanza anaona risasi sita zinamjia, anashtuka, anasogea pembeni, na ule mshtuko ndio unaomtia kwenye njia ya risasi. Kipaji hicho cha kutosogea kisingekuwepo kama ndege nzima ingekuwa inapimwa.

Vivyo hivyo kwa risasi zinazokulenga mfululizo. Ukiwa na kadoa kadogo, unagusa kitufe kidogo tu, unasogea pikseli chache, na mkondo mzima unapita kando ya bega. Unaweza kuuongoza mkondo polepole kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Kama kila risasi ingekudai usogee upana wa ndege nzima, ungefika ukutani baada ya sekunde mbili.

Si ni kumdanganya mchezaji basi? Picha inasema hiki, gemu inapima kile.

Inadanganya, lakini kwa upande wako. Risasi zenyewe mara nyingi zinachorwa kubwa kuliko sehemu yake inayoua, ile pindo inayong'aa haina madhara. Kwa upande mwingine, adui anapimwa kwa ukarimu ili risasi zako zimpate, na vitu vya kuokota vinachukuliwa hata ukipita mbali kidogo. Kila kosa la picha limeelekezwa kukufurahisha.

Jaribu kinyume chake uone. Ukifa kwa risasi ambayo macho yako yaliona haijakugusa, unaacha kuiamini gemu papo hapo. Ukipona kwa risasi iliyoonekana imekugusa, unajiona mwanaume. Waliotengeneza gemu za mashine za sarafu walilijua hili mapema kwa sababu anayehisi ameonewa haingizi sarafu ya pili.

Hitiboksi ndogo na mabomu vilianza lini?

Bomu ni la zamani kuliko hitiboksi ndogo. Mwaka 1985 kampuni ya Toaplan ya Japani ilitoa Tiger-Heli, helikopta yenye mabomu mawili yaliyobebwa ubavuni. Ukibonyeza kitufe, mlipuko unafuta risasi na maadui walio karibu. Kilichonivutia mimi ni kwamba risasi ya adui ikigonga bomu lenyewe, linalipuka na kukuokoa. Yaani tangu mwanzo lilikuwa silaha na ngao kwa wakati mmoja. Miaka mitatu baadaye, kwenye Tatsujin, Toaplan hiyohiyo ililifanya bomu kuwa tukio: fuvu kubwa la moto linatanda skrini.

Batsugun ya mwaka 1993 ndiyo inayotajwa na wengi kama mwanzo wa mvua ya risasi yenyewe. Toaplan ilifilisika 1994. Baadhi ya watu wake wakaingia Cave, miongoni mwao Tsuneki Ikeda, ambao walitoa DonPachi mwaka 1995 na DoDonPachi miaka miwili baadaye. Hapo ndipo risasi zikawa nyingi na za polepole, na hitiboksi ikapungua kufuata risasi.

Neno "polepole" ni muhimu. Katika kipindi hichohicho Psikyo walikuwa wakitoa gemu kama Strikers 1945, zenye risasi chache zinazokuja kwa kasi. Huko unacheza kwa kukariri na kuwahi. Kwa Cave unacheza kwa kupenya.

Mbona hitiboksi haionekani? Nitajuaje ilipo?

Kwenye DoDonPachi haionyeshwi. Unaibaini kwa kucheza, na ukikaza macho kwenye chumba cha rubani badala ya pua au mabawa hutakosea sana. Touhou ilileta nafuu mwaka 2003 na Perfect Cherry Blossom: ukishikilia kitufe cha kwenda polepole, kinukta kinatokea juu ya mwili wa mhusika.

Hiyo kuunganishwa na kitufe cha polepole si bahati. Rudi kwenye pete letu, ambapo una nafasi ya ziada ya pikseli 8. Ukienda pikseli 5 kwa fremu, fremu mbili tu zinakuvusha nafasi yote na kukuingiza kwenye risasi ya pili. Fremu mbili ni sehemu moja ya thelathini ya sekunde, hakuna kidole kinachobonyeza na kuachia kwa muda huo kwa uhakika. Ukienda 2 kwa fremu una fremu nne. Bado ni kidogo, lakini sasa unaweza kugusa kitufe kidogo na kusimama katikati. DoDonPachi ilikuwa imefika hapo kwa njia yake: ukishikilia kitufe cha kupiga, risasi zako zinageuka mwale mzito na ndege inapunguza mwendo.

Hitiboksi ndogo bila mwendo mdogo ni nusu ya zawadi.

Kama kila kitu kinapitika, bomu la nini?

Kwa sababu kinapitika kwenye karatasi tu. Hitiboksi inakupa nafasi. Haikupi muda, na muda ndio unaokuua.

Jicho la mtu likiona jambo asilolitarajia, kidole kinajibu baada ya kama robo sekunde. Kwa fremu 60 kwa sekunde, hizo ni fremu 15. Risasi ya mwendo wa wastani, tuseme pikseli 3 kwa fremu, inakuwa imesafiri pikseli 45. Kwa hiyo chochote ulichokigundua kikiwa ndani ya pikseli 45 kimekupita uwezo: kama hukuwa umeshaamua kabla, umechelewa. Mchezaji mzuri haangalii risasi iliyo karibu, anaangalia ya nyuma yake na iliyo nyuma ya hiyo. Lakini mpango huo huvunjika.

Huvunjika hivi mara nyingi. Bosi anarusha mapete yasiyokulenga, na juu yake anaongeza mapepeo yanayokulenga. Kila mtindo peke yake una mapengo. Vikipishana, mapengo ya huu yanafunikwa na risasi za ule, na kwa fremu kadhaa eneo ulilopo halina njia. Njia ilikuwepo, ila ilikuwa upande wa kulia na ulipaswa kuanza kwenda huko sekunde moja iliyopita. Mwingine amekwepa vizuri kabisa lakini kila mara kuelekea kushoto, hadi yuko kwenye pembe ya skrini. Mitindo ya kubahatisha ndiyo mibaya zaidi, kwa kuwa hata mbunifu hawezi kukuapia kwamba kila mara kuna mlango.

Bomu linafidia hilo. Linamwezesha mbunifu kuweka mitindo yenye ubahatishaji na kupishana bila kuhakikisha kila sekunde inapitika, akijua una njia ya kununua upya nafasi. Ukiliondoa, inabidi apunguze ukali kila mahali kwa ajili ya ile mara moja kati ya ishirini.

Linafanya nini hasa likilipuka?

Mambo matatu, na lile linaloonekana kwa fahari ndilo la mwisho kwa umuhimu. Kwanza, papo hapo huwezi kugongwa, na kinga hiyo hudumu sekunde kadhaa. Pili, risasi zinafutwa, mara nyingi kwa muda wote wa mlipuko na si fremu ya kwanza tu. Tatu, adui anaumia.

Kinga inatakiwa idumu muda mrefu kidogo kuliko mlipuko. Zikikoma pamoja, risasi mpya zilizorushwa wakati skrini imejaa mwanga zinakuua kabla hujaona chochote. Ukikutana na gemu ambayo watu wanalalamika kwamba "bomu linamuua mwenyewe", angalia hapo kwanza.

DoDonPachi ina mabomu ya aina mbili kwa kitufe kimoja. Ukilipiga huku unashikilia mwale, unapata mwale mkubwa unaomchoma bosi aliye mbele. Ukilipiga bila mwale, mlipuko unatawanyika. Wakati wa hofu wengi hupata ile wasiyoitaka.

Mbona wanaojua hawapigi mabomu?

Kwa sababu bei yake iko kwenye pointi. Kwenye Touhou, ukipiga bomu wakati bosi yuko kwenye shambulio lake lenye jina, unapoteza bonasi ya shambulio hilo. Kwenye DoDonPachi, akiba ya mabomu ikiwa imejaa kuna bonasi inayoendelea kukua, na kutumia mabomu machache ni miongoni mwa njia za kufungua mzunguko wa pili, yaani gemu kurudiwa tangu mwanzo ikiwa ngumu zaidi. Ukifika mwisho wa mzunguko huo kuna bosi wa siri, Hibachi, anayejikinga pale unapopiga bomu. Bima yako yote haina kazi kwake.

Kuna na kuparuza: Psyvariar ya mwaka 2000 inakupandisha ngazi kwa kupitisha risasi karibu na mwili, na Touhou inakuhesabia kila iliyokukosa kidogo. Hapa yale mapambo yanapata kazi. Risasi iliyo kwenye bawa lakini haijafika kwenye kadoa ni pointi.

Lakini sikiliza: kama hujawahi kumaliza gemu, pointi hazikuhusu. Kosa la kila mgeni ni kufa na mabomu yakiwa yamejaa mfukoni. The Embodiment of Scarlet Devil inakupa mabomu matatu kwa kila uhai, na ukifa yale uliyobakiza hayakuongezei kitu, unaanza upya na matatu. Kufa bila kuyatumia ni sawa na kutupa nafasi tatu za kupona. DoDonPachi hata inakuongezea nafasi ya bomu moja kila unapopoteza ndege, ikikusukuma uyatumie. Chagua sehemu tatu zinazokuua kila siku na uamue kabla hujaanza: hapa napiga. Usisubiri hofu, hofu inachelewa zile fremu 15.

Nimesikia unaweza kupiga bomu baada ya kugongwa. Kweli?

Kweli, kwenye Touhou. Ukigongwa, gemu inasubiri fremu chache kabla ya kukuua, na bomu likipigwa ndani ya hizo umepona. Imperishable Night ya 2004 iliongeza muda huo, ila unalipa mabomu mawili badala ya moja. Cave walikwenda mbali zaidi kwenye DoDonPachi DaiFukkatsu (2008), ambako kuna aina ya ndege ambayo bomu lake hulipuka lenyewe ukigongwa. Wapo wanaosema hiyo ni kulegeza gemu. Mimi naona ni kukubali tu kwamba kidole kilikuwa njiani.

Kuna nzuri isiyo na bomu?

Ikaruga ya Treasure, 2001. Ndege ina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, unabadilisha kwa kitufe, na risasi za rangi yako unazinyonya badala ya kufa. Njia ya kutokea ni kitufe hichohicho, na hakina hesabu. Ila angalia gharama yake: kila wimbi la maadui limebidi lipangwe kwa rangi, na nafasi ya kubahatisha imekuwa ndogo sana. Bomu limeondoka, kazi yake imehamia kwa mbunifu.

Natengeneza gemu yangu. Hitiboksi niiweke ngapi?

Anza na mtindo mgumu kuliko yote unaotaka kuuonyesha, usianze na ndege. Pima pengo dogo zaidi pale mchezaji anaposimama kwa kawaida, toa upana wa risasi, kisha hitiboksi iwe kama theluthi ya kilichobaki. Theluthi mbili zinazosalia ni za mkono wake kutetemeka. Kwa pete letu la 64 hiyo inatoa pikseli 4.

Usishuke sana. Ikiwa pikseli 1, mtu anaanza kupona kwa bahati asizozielewa na anaacha kusoma mitindo. Utalitambua kwenye majaribio: muulize aliyepona alipitaje. Akishindwa kukuonyesha kwa kidole, punguza ukarimu.

Tatizo lingine ni la risasi za kasi. Hitiboksi ya nusu-kipenyo 2 na risasi ya nusu-kipenyo 4 zinagusana ndani ya pikseli 12 tu kwenye mstari mmoja. Risasi inayoruka pikseli 14 kwa fremu inaweza kuwa mbele yako fremu hii na nyuma yako fremu inayofuata, bila hesabu ya juu kuiona hata mara moja. Dalili yake ni risasi fulani ya kasi ambayo inaua leo na kesho haiui, mahali palepale. Ama ipime mara mbili kwa kila fremu, ama upime mstari wote iliopita badala ya nafasi yake ya mwisho.

Kisha cheza hatua nzima bila kugusa bomu, halafu muite mtu asiyewahi kuicheza na umpe mabomu yote. Andika kila mahali alipolipiga. Akilipiga mahali pamoja kila mara, ambapo wewe ulipita kwa shida, mtindo wa hapo ndio wa kurekebisha kwanza.